Maswali na majibu: ramani ya Karnaugh, seli za X na kundi la katikati

Mwalimu, kwa nini vichwa vya ramani vinaandikwa 00, 01, 11, 10? Nilifuata 00, 01, 10, 11 kama tunavyohesabu, nikakosa swali zima. – Mwanafunzi wa diploma, Mbeya

Ramani inasimama juu ya sharti moja: seli mbili zinazopakana zitofautiane kwa kigeu kimoja tu. Hapo ndipo kigeu hicho kinapofutika, kwa kuwa A'B + AB ni B. Ukitoka 01 kwenda 10, vigeu viwili vinabadilika kwa mpigo, kwa hiyo hata ukizungushia seli hizo mbili hakuna kinachofutika.

Kwa mpangilio wa 00, 01, 11, 10, hata cha mwisho na cha kwanza vinatofautiana kwa kigeu kimoja. Ndiyo maana ukingo wa kulia unahesabiwa kuwa umegusana na wa kushoto, na wa juu na wa chini. Edward Veitch alitoa mchoro wa namna hii mwaka 1952, na mwaka uliofuata Maurice Karnaugh wa Bell Labs akaupanga upya hivi tunavyoutumia leo.

Natengeneza taa ya tarakimu yenye vipande saba. Namba inaingia kwa BCD, A ndiyo biti kubwa, D ndogo. Kipande e (kile cha chini kushoto) kinawaka kwenye 0, 2, 6 na 8. Kwa kuwa 10 hadi 15 hazitokei, nimeziwekea 0 nikapata e = B'C'D' + A'CD'. Mwenzangu ana e = B'D' + CD'. Nani kapatia? – Fundi mwanafunzi, Kisumu

Taa zenu zote mbili zitawaka sawasawa kuanzia 0 hadi 9. Ila wewe umelipia usichohitaji. Ulipoandika 0 kwenye namba sita zisizotokea, uliubebesha mzunguko kazi ya kuzima kipande kwenye hali ambazo hakuna aliyeziulizia. Seli hizo huandikwa X, yaani haijalishi:

```
        CD
AB      00  01  11  10
00       1   0   0   1
01       0   0   0   1
11       X   X   X   X
10       1   0   X   X
```

Anza na 1 iliyo kwenye kona ya juu kushoto, namba 0. Kona nyingine ni namba 2, 8 na 10. Tatu zina 1 na moja ina X. Kwa kuwa kingo zinagusana, kona nne ni kundi moja halali la seli nne. Tazama kisichobadilika ndani yake: B ni 0, D ni 0. Hiyo ni B'D'.

Imebaki namba 6. Ukiichukua na 2 iliyo juu yake unapata A'CD', kama ulivyofanya. Lakini safu wima yote ya 10 ina 1, 1, X, X, na kundi la seli nne linafuta vigeu viwili badala ya kimoja. Kilichobaki ni CD'.

Kanuni zilizotumika ni chache: kundi liwe la mstatili, lenye seli 1, 2, 4, 8 au 16 (tatu au sita hapana); likuzwe hadi lisiweze kukua tena; kila 1 ifunikwe walau mara moja, na kurudia kunaruhusiwa. Angalia 2 na 10, zimo kwenye makundi yote mawili. X huingizwa pale tu inapokuza kundi lenye 1. Kundi la X tupu usiliandike kamwe, ni geti la bure.

Kwenye jibu la mwenzako, A imetoweka kabisa. Waya wake haufiki kwenye kipande hiki. Na akitoa D' nje anapata D'(B' + C): OR moja na AND moja, mbali na NOT mbili za B na D.

X niliyoihesabu kuwa 1 kwenye kundi moja, naweza kuihesabu kuwa 0 kwenye jingine? – Msomaji, Zanzibar

Katika fomula moja, hapana. X ipo kwenye karatasi tu. Waya una 0 au 1. X yoyote iliyoguswa na kundi la 1, hata moja, imeshakuwa 1. Isiyoguswa imekuwa 0. Kwa kipande e hapo juu, 10 na 14 zimekuwa 1, na 11, 12, 13 na 15 zimekuwa 0.

Nakushauri urudi kwenye ramani ukimaliza, uzijaze hizo X kwa thamani zilizopata, kisha ujiulize taa itaonyesha nini 1010 ikiingia kwa bahati mbaya, labda kwa waya uliolegea au kaunta iliyowashwa ikaanzia pabaya. Watengenezaji wa chipu hulijibu swali hili kwa namna tofauti: 7447 huonyesha alama za ajabu kuanzia 10 hadi 14 na kuzima kwenye 15, ilhali 4511 huzima taa yote kwa namba zote zaidi ya 9. Kama kwako alama ya ajabu ni hatari, basi hiyo haikuwa X tangu mwanzo. Ni 0.

Kipande g nimepata A + BC' + B'C + CD'. Kitabu kina BD' mwishoni badala ya CD'. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Dodoma

Hujakosea popote. Kipande g huwaka kwenye 2, 3, 4, 5, 6, 8 na 9. Ukishaweka makundi matatu ya kwanza inabaki namba 6 peke yake, nayo ina makundi mawili ya seli nne yanayoweza kuichukua, yenye ukubwa uleule. Mitihani inayokubali jibu moja hapa inaonea watu.

Nina 1 kwenye namba 1, 5, 6, 7, 11, 12, 13 na 15. Nilianza na zile nne za katikati, BD. Mwalimu akaifuta. Si tunaambiwa tuanze na kundi kubwa? – Msomaji, Mwanza

Anza na 1 yenye njia moja tu ya kufunikwa, si na kundi kubwa. Namba 1 inapakana na 5 peke yake, hivyo A'C'D ni lazima. Vivyo hivyo 6 na 7 zinatoa A'BC, 12 na 13 zinatoa ABC', 11 na 15 zinatoa ACD. Baada ya hapo 5, 7, 13 na 15 zote zimeshafunikwa, na BD haina 1 ya kwake.

Kwa hesabu mwalimu wako yuko sahihi. Kwenye mzunguko halisi kuna jambo la kuongeza. Ingizo likitoka 0111 kwenda 0101, C ndiyo inayobadilika: A'BC inazima na A'C'D inawaka. NOT ya C ina ucheleweshaji wake, na AND mbili hazilingani kasi, kwa hiyo zote mbili zinaweza kuwa 0 kwa nanosekunde chache. Tokeo linadondoka kidogo ilhali lilipaswa kubaki 1. BD haijali C, inalishika tokeo wakati wa mpito huo. Kama tokeo linawasha taa tu, ifute. Kama linalisha saa ya flipflopu, dondoko hilo linaweza kuhesabiwa kama mpigo, kwa hiyo irudishe BD.