Gharama zimeshuka, faida nayo imeyeyuka: unalinganisha na bajeti ya mauzo ambayo hayakutokea

"Wakuu, nashika hesabu za kiwanda kidogo. Mwezi uliopita mauzo yalishuka, lakini ripoti inaonyesha karibu kila mstari wa gharama tumetumia chini ya bajeti. Bosi kafurahi, kasema tumebana matumizi. Ila faida haipo. Tunakosea wapi?"

Mkuu, kosa halipo kwenye kujumlisha. Lipo kwenye safu ya bajeti yenyewe. Ile bajeti iliandikwa kwa idadi fulani ya bidhaa, na wewe umeuza idadi nyingine kabisa. Nitakueleza kwa mfano wa kiwanda cha mikate nilikoshika vitabu kwa miaka kadhaa huko Morogoro. Namba nimezinyoosha ziwe rahisi kufuatilia, lakini mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Bajeti ya mwezi ilipangwa kwa mikate 20,000, kila mmoja ukiuzwa madukani kwa shilingi 1,200. Mkate mmoja ulibeba unga wa shilingi 450 (gramu 300, kilo ikiwa shilingi 1,500), kisha sukari, mafuta, hamira, mfuko na umeme wa tanuri wa shilingi 250, na kamisheni ya msambazaji shilingi 100. Jumla shilingi 800. Juu ya hapo kulikuwa na gharama zisizojali umeoka mingapi: pango, mishahara, ulinzi na kiasi cha umeme kinacholipwa hata tanuri likiwa limezimwa. Hizo zilikuwa shilingi 5,200,000 kwa mwezi. Kwa hiyo bajeti ilisema mauzo 24,000,000, gharama zote 21,200,000, faida 2,800,000.

Mwezi wenyewe ukafika, mikate iliyouzwa ikawa 16,000. Mauzo yakawa 19,200,000. Gharama zote zikawa 19,120,000. Ukiweka kando ya bajeti, ripoti inakwambia umeokoa shilingi 2,080,000 kwenye gharama. Mstari wa unga peke yake ulionyesha hivi: bajeti 9,000,000, matumizi 7,920,000, nafuu 1,080,000. Mwenye kiwanda akiusoma mstari huo anampongeza fundi wa tanuri. Chini kabisa faida ni shilingi 80,000, na kila mtu mezani anasema ni mauzo tu, soko limekuwa baya.

Hapo ndipo pa kusimama. Shilingi 9,000,000 za unga zilikuwa ruhusa ya kutengeneza mikate 20,000. Kwa mikate 16,000 hakuna aliyekuruhusu kutumia milioni tisa. Ruhusa yako ni 16,000 mara 450, yaani 7,200,000. Umetumia 7,920,000. Hujaokoa hata senti, umezidisha 720,000. Mstari uleule uliokuwa na alama ya nafuu sasa una alama ya hasara, na hakuna risiti hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Hiyo ndiyo bajeti nyumbufu. Unasubiri mwezi uishe, unachukua idadi halisi iliyouzwa, unaandika upya bajeti kana kwamba ungeijua idadi hiyo tangu mwanzo. Viwango vya kila mkate havibadiliki, na zile gharama za kudumu zinabaki 5,200,000 vilevile. Kwenye Excel ni mstari mmoja, ukiwa na mikate iliyouzwa kwenye B1:

```
=5200000+800*B1
```

Kwa mikate 16,000 inatoa 18,000,000. Ukitoa kwenye mauzo ya 19,200,000, faida iliyopaswa kupatikana ni 1,200,000. Kwa hiyo sasa una safu tatu badala ya mbili: bajeti ya awali yenye faida 2,800,000, bajeti nyumbufu yenye faida 1,200,000, na hali halisi yenye faida 80,000.

Uzuri wake ni kwamba pengo lote la 2,720,000 linagawanyika lenyewe. Kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili kuna 1,600,000. Hicho ni kiasi kilichopotea kwa sababu tu mikate 4,000 haikuuzwa, kila mmoja ukiwa umeondoka na shilingi 400 zilizobaki baada ya kutoa gharama zake. Hilo ni swali la watu wa mauzo na wa soko. Kutoka safu ya pili kwenda ya tatu kuna 1,120,000, na hiyo haina uhusiano wowote na soko kuwa baya. Hata wateja wangekuwa wachache hivyohivyo, kiwanda kilitakiwa kubaki na pesa hiyo. Ripoti ya safu mbili iliificha kabisa, tena iliificha nyuma ya pongezi.

Sasa ilikwenda wapi? Tukafungua daftari la stoo. Unga uliotoka ulikuwa kilo 5,280. Bei haikupanda, kilo ilibaki 1,500. Kwa mikate 16,000 ilitakiwa kilo 4,800. Zimezidi kilo 480, karibu mifuko kumi ya kilo 50. Wa kwanza kushukiwa alikuwa mtunza stoo, maana mifuko kumi haipotei bila mtu. Lakini kabla ya kumwita mtu, gawanya kilo 5,280 kwa gramu 300. Unapata mikate 17,600. Daftari la tanuri nalo lilisema hivyohivyo: ilitoka mikate 17,600. Unga haukuibwa, uliokwa. Mikate 1,600 ilipelekwa madukani, ikakaa, ikarudi imekauka na kuishia kwa wafugaji bila malipo. Kila mmoja ulikuwa umeshakula unga wa 450 na vitu vingine vya 250, jumla 700. Mara 1,600 ni 1,120,000. Imetimia yote.

Naomba uliangalie hili vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa hata wakishajua bajeti nyumbufu. Lazima uamue unaikunjua kwa idadi ipi. Ningeikunjua bajeti ya unga kwa mikate iliyookwa, ruhusa ingekuwa 17,600 mara 450, yaani 7,920,000, sawasawa na matumizi. Tofauti sifuri. Kwa fundi wa tanuri hicho ndicho kipimo cha haki, kwa sababu yeye hapangi oda, anaoka alichoambiwa, na jibu ni kwamba alipima unga vizuri. Kwa kiwanda kizima kipimo ni mikate iliyouzwa, na hapo ndipo mikate iliyorudi inapoonekana kwa bei yake kamili. Sisi tuliweka vyote viwili: idadi iliyookwa kwa ukurasa wa tanuri, iliyouzwa kwa ukurasa wa kiwanda. Pengo kati ya kurasa hizo mbili likawa la mtu anayepokea oda za jioni na kuamua kesho ipikwe mingapi. Yeye ndiye aliyeendelea kuagiza kana kwamba maduka bado yananunua kama mwezi wa nyuma.

Kinyume chake kina madhara yaleyale. Mwezi mzuri mkiuza mikate 22,000, gharama zitakuwa 22,800,000 hata kama kila mtu amefanya kazi yake sawasawa. Bajeti ya awali itapiga kelele kwamba mmezidisha 1,600,000, unga peke yake 900,000. Nimeona mtunza stoo akiandikiwa barua ya kujieleza kwa mwezi ambao kiwanda kilipata faida 3,600,000. Ukishawafanyia hivyo watu, mwaka unaofuata kila mmoja atakuletea bajeti aliyoinenepesha ili asishikwe, na hapo hutakuwa tena na kipimo cha chochote.

Ugumu halisi uko kwenye kutenganisha gharama. Unga na mfuko havina ubishi. Umeme una ubishi, kwa sababu sehemu yake inafuata mikate na sehemu haifuati. Njia nyepesi ni kuchukua mwezi uliooka mingi zaidi na uliooka michache zaidi. Kwetu mikate 14,000 ilikuwa na umeme wa 1,240,000, na mikate 22,000 umeme wa 1,720,000. Mikate imeongezeka 8,000, umeme 480,000, kwa hiyo kila mkate ni shilingi 60. Mikate 14,000 mara 60 ni 840,000, na inayobaki 400,000 ndiyo ya kudumu. Usichukue mwezi ambao bei ya umeme ilibadilika au tanuri liliharibika, utapata namba ya ajabu. Ukiwa na miezi mingi, ichore kwenye grafu kwanza uone kama inakaa kwenye mstari. Nukta mbili siku zote zinatoa mstari, hata pasipo na mstari.

Mishahara nayo iangalie kwa jicho la ukweli. Vibarua wanaolipwa kwa kipande wanafuata idadi. Mwajiriwa wa mwezi hafuati, hata ukikaa siku tatu bila kuoka. Wapo wanaogawa mishahara yote kwa mikate 20,000 na kuiingiza kwenye gharama ya kila mkate. Wakiuza 16,000 bajeti yao nyumbufu inapunguza mishahara kwenye karatasi, wakati kwenye akaunti imelipwa yote, na mwisho wake wanamlaumu meneja kwa kuzidisha mishahara ambayo hana namna ya kuipunguza ndani ya mwezi.

Bajeti ya awali usiitupe. Ndiyo unayopelekea benki, ndiyo unayopangia manunuzi ya unga, na bila hiyo ile 1,600,000 ya mauzo yaliyopotea haionekani. Ukibaki na bajeti nyumbufu peke yake, idara ya mauzo inaweza kulala mwaka mzima na ripoti ikatoka safi.

La mwisho ni mipaka ya ile fomula. Ilitokana na miezi ya kati ya mikate 14,000 na 22,000, na nje ya hapo usiiamini. Kwetu zamu moja ilifika mwisho kwenye 22,000. Zaidi ya hapo ilibidi kufungua zamu ya usiku, na hiyo ilikuja na 900,000 ya mishahara na ulinzi kwa mkupuo, hata kama umeongeza mkate mmoja. Kila mkate ukiacha 400, unahitaji mikate 2,250 ya ziada kurudisha pesa hiyo. Kwa hiyo kati ya 22,000 na 24,250 kiwanda kinauza zaidi na kupata faida ndogo kuliko kikibaki pale pale. Bajeti yako nyumbufu ikae na mstari wa ziada unaoingiza 900,000 mara tu idadi inapovuka 22,000, la sivyo itakuahidi faida ambayo haipo.