Alama usoni ambayo wengine hawaioni

Karibu kila mtu ana kitu usoni asichokipenda: pua, meno, au madoa ya chunusi za zamani. Asubuhi unanung'unika mbele ya kioo, unapaka mafuta, unatoka kwenda sokoni Mwanjelwa, na kufika saa nne umeshasahau. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa wa kujiona una kasoro, ambao madaktari huuita kwa kifupi BDD, haukuachii usahau. Alama yenyewe ni ndogo mno, au wengine hawaioni kabisa, lakini mawazo yake hula zaidi ya saa nzima kwa siku, na kwa wengi ni kati ya saa tatu na nane. Halafu kuna vitendo ambavyo mtu hawezi kuviacha: kujikagua, kujigusa, kujificha, kujilinganisha na kila anayepita, kuuliza ndugu kama inaonekana. Kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe, kwa wavulana na wasichana, ndiyo maana wazazi hudhani ni ujana tu.

Tutunge mfano wa binti wa miaka 19 wa Uyole anayeamini ngozi ya mashavu yake imeharibika. Mwezi Juni anajifunga skafu hadi puani, na kwa baridi ya Mbeya nani atamshangaa? Oktoba jua linawaka na skafu bado ipo, ameacha kwenda chuo, na hapo ndipo nyumbani wanaanza kushtuka. Kumbe miezi yote hiyo anasogeza kioo hadi karibu kiguse pua. Kwa umbali huo ngozi ya mtu yeyote ina vitundu. Yeye anaviminya, vinakuwa vidonda, vidonda vinaacha weusi, naye anatafuta mkorogo wa kuutoa. Krimu hizo mara nyingi huwa na steroidi, ambayo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi mpya. Sasa alama za kweli zipo, na kila mtu anaamini tatizo ni ngozi.

Kwa hiyo akienda hospitali akasema "nina madoa", atapelekwa kwa daktari wa ngozi na kurudi na krimu nyingine. Aseme hivi: nawaza uso wangu saa kadhaa kwa siku, nimeacha chuo kwa sababu yake, na siwezi kuacha kujikagua. Kwa maelezo hayo atapelekwa kliniki ya afya ya akili. Matibabu ya urembo, upasuaji ukiwemo, mara chache sana humaliza shida; wasiwasi hubaki palepale au huhamia sehemu nyingine ya mwili.

Tiba ya mazungumzo kwa BDD si kumshawishi mtu kwamba ni mzuri. Vikao huwa vya kila wiki, kwa miezi mitatu hadi sita. Kwanza anaandika vitendo vyake vyote, kisha anavipanga kuanzia kinachomtisha kidogo hadi kinachomtisha sana. Binti wetu anaweza kuanza kwa kwenda dukani skafu ikiwa imeshuka hadi kidevuni, akabaki pale hadi hofu ishuke yenyewe, na arudie siku zinazofuata kabla ya kupanda hatua. Akikimbilia nyumbani hofu ikiwa kileleni, anachojifunza ni kwamba kukimbia ndiko kumemwokoa.

Kioo hakifichwi. Anafundishwa kusimama umbali wa mkono mmoja, ajitazame mwili mzima kuanzia nywele hadi miguu, ataje anachokiona bila kukihukumu, asiguse uso, kisha aondoke.

Mama naye ana kazi, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Akiulizwa "Mama, inaonekana?" na kujibu "Huna kitu, mwanangu", nafuu inadumu dakika chache na swali linarudi. Wakubaliane mapema kwamba atajibu: "Tulisema swali hilo silijibu. Njoo tumenye viazi." Binti atakasirika mwanzoni. Mama asilegee, na asiwe mkali.

Dawa zinazotumika ni za kundi la fluoksetini. Mara nyingi daktari huanza na miligramu 20 asubuhi na kupandisha polepole, kwa sababu BDD huhitaji dozi kubwa kuliko sonona. Matokeo hupimwa baada ya wiki 12 hivi, kwa hiyo anayeacha wiki ya tatu akisema haifanyi kazi hajaijaribu bado. Na anayepata nafuu huendelea nayo mwaka mmoja au zaidi. Akiikata mwenyewe ghafla, ugonjwa hurudi kwa urahisi.

Mawazo ya kutaka kufa ni ya kawaida katika ugonjwa huu, na kwa vijana wiki za mwanzo za dawa zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za shambani, zifungiwe mbali.