Herufi moja kwenye jina la neva

"Wakuu, swali lilisema mtu kagongwa na bodaboda upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, sasa hawezi kunyanyua wayo. Taja neva iliyoumia na ueleze. Nikaandika neva ya 'perineal', nikaeleza inavyozunguka shingo ya fibula na dalili zote. Nimepata 3 kati ya 4. Herufi moja tu! Hii ni haki?"

Pole mdogo wangu. Mimi nasahihisha karatasi za anatomia chuoni hapa Dodoma, na maksi hiyo hata mimi nisingekupa.

Jibu sahihi lilikuwa "peroneal". Ile neva inapita nyuma ya goti, inageukia nje, kisha inazunguka shingo ya fibula ikiwa chini ya ngozi tu. Weka kidole chini ya goti upande wa nje, utapapasa kichwa cha fibula. Shuka kidogo, hapo ndipo ilipo. Ndiyo maana bampa ya gari au plasta iliyokazwa vibaya inaiumiza kirahisi, na mgonjwa anaanza kuburuta vidole akitembea. Wewe uliyaeleza hayo, ukalipwa maksi 3 zake.

Lakini "perineal" nayo ni neva, na ipo mwilini. Inatokana na neva ya pudenda na kazi yake ni kwenye msamba. Kwa hiyo mbele ya msahihishaji hukukosea tahajia, umetaja neva nyingine. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ungeandika "peronial" ningekupa maksi bila kusita, maana hakuna kitu kingine mwilini chenye jina hilo. Ungeandika "fibulla" kwa l mbili, vilevile. Kosa linasameheka neno likiwa bado linaelekeza sehemu moja tu. Likishaangukia jina la kiungo kingine, sina pa kulishika.

Najua utasema maelezo yako yalionyesha ulichokusudia. Rudi usome swali: upande wa nje, chini ya goti, hawezi kunyanyua wayo. Swali lenyewe lilishakupa mahali na dalili kuu. Kwenye rundo moja nililosahihisha, lenye swali kama hili, nilikuwa na mwanafunzi ambaye kweli anadhani neva ya msamba ndiyo inayonyanyua wayo, na maelezo yake yalifanana na yako karibu neno kwa neno. Nikikupa wewe maksi ya jina, yeye nitamnyima kwa kigezo gani? Maksi ile ilikuwa ya jina, na jina ndilo pekee linalowatofautisha.

Kabla sijaanza kufundisha nilikaa wodini miaka kadhaa. Siku moja tulipokea rufaa kutoka kituo cha vijijini, imeandikwa "perineal nerve injury" na mstari mmoja tu wa maelezo: ajali ya pikipiki. Nikaandaa pazia, nikamwita nesi wa kike maana mgonjwa alikuwa binti, nikaanza kumuuliza habari za haja ndogo. Yule binti akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, mimi naumwa mguu." Nilipomwambia atembee, wayo ukaning'inia, akawa anainua goti juu kama anayepita kwenye matope. Uso wake wakati namuuliza yale maswali sijausahau.

Wenye taaluma wenyewe waliliona tatizo. Orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya mwaka 1998 iliweka mbele jina "fibular" kwa neva hii, na halichanganyiki na msamba hata kidogo. Waulize walimu wako kama wanalikubali (wengi tunalikubali) kisha liandike hilo.

Jozi nyingine itakayokusumbua ni "ileum" na "ilium". Kwa Kiingereza yanatamkwa sawa kabisa, kwa hiyo darasani sikio halikusaidii. Yasome Kiswahili, kila herufi na sauti yake: i-le-um, i-li-um. Ya kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na e yake ni ile ya mmeng'enyo. Ya pili ni mfupa mpana unaoushika ukiweka mikono kiunoni, na i yake ni ya kiuno. Hata yako ungeisoma hivyo, pe-ro-ne-al, ungeisikia ile o kabla hujakabidhi karatasi.

Rufaa ya maksi hiyo usiipeleke, ila kagua karatasi nzima. Ukikuta umekatwa mahali ambapo neno ulilokosea halina maana nyingine yoyote, hiyo ipeleke kwa mwalimu wako kwa adabu, na umwonyeshe neno lenyewe.