Dodoso kuhusu mbwa wanaozurura: mweleze kwanza mhojiwa unamuulizia mbwa yupi

Miongoni mwa mada ambazo wanafunzi wa kidato cha tatu ninaowasimamia hapa Tanga huzipendelea katika kazi mradi, ile ya mitazamo ya jamii kuhusu mbwa wanaozurura haikosekani. Mbwa hao wanaonekana kila siku kwenye majalala, karibu na mabucha na pembezoni mwa masoko, na hakuna mkazi asiyekuwa na la kusema juu yao. Wepesi huo ndio unaowaponza wanafunzi, kwa sababu huliandika dodoso jioni moja na kurudi na majibu yanayofanana, kwamba karibu kila mtu hawapendi mbwa hao na anataka waondolewe. Nionavyo mimi, majibu ya namna hiyo hutokana na maswali yenyewe kuliko na fikra za watu, na ndiyo maana ninataka kueleza jinsi ya kuyatengeneza maswali hayo.

Jambo la kwanza ni kuamua mbwa anayeulizwa ni yupi. Tafiti zilizofanywa nchini kwetu kwa miaka mingi kuhusu kichaa cha mbwa, hasa katika maeneo ya vijijini yanayoizunguka Serengeti, zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mbwa wanaotembea ovyo wana wenyewe. Mbwa analala kwenye uwanja wa fulani, analinda usiku, na asubuhi anakwenda kujitafutia chakula kwa sababu nyumbani hapati cha kutosha. Mwanafunzi akiandika "mbwa koko" kwenye swali lake, mhojiwa mmoja anamfikiria mbwa mwenye upele asiyejulikana alikotoka, na mwingine anamfikiria mbwa wa jirani anayempindulia ndoo ya taka. Wote wawili watajibu swali moja, lakini watakuwa wamejibu juu ya wanyama wawili tofauti. Wakati wa kulijaribu dodoso letu, muuza kahawa mmoja alimsikiliza mwanafunzi mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mbwa aliyelala chini ya mkokoteni na kumwambia, "Huyu si koko, mwanangu. Huyu ni wa mzee wa pale nyuma, ila kwao halali." Tangu hapo swali letu la kwanza halimtaji koko wala mzururaji. Linasema hivi: "Katika siku saba zilizopita, umemwona mbwa akitembea katika mtaa huu bila mtu wa kumwongoza?" Linalofuata linauliza: "Mbwa unayemwona mara nyingi zaidi, je, unajua anatoka wapi?" Majibu yaliyoandaliwa ni manne: ana nyumba inayojulikana, analishwa na watu mbalimbali wa mtaa, hana mwenyewe, sijui. Swali hilo la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote katika dodoso zima, na nitalirudia nitakapofika kwenye kuhesabu.

Baada ya hapo ndipo huja maswali ya mtazamo, na hapa makosa huwa mengi. Chukua swali ambalo hujitokeza karibu katika kila rasimu ya wanafunzi: "Je, unakubali kwamba mbwa wa mitaani ni hatari na wanapaswa kuuawa?" Ndani yake mna maswali mawili, la hatari na la kuua, na mtu anayeamini kwamba mbwa ni hatari lakini hataki wauawe hana pa kutia alama. Isitoshe, swali linaanza kwa "unakubali kwamba", na kwa adabu zetu si rahisi mtu mzima kumkatalia mtoto wa shule aliyevaa sare na kubisha hodi kwa heshima. Tulilivunja swali hilo kuwa kauli fupi zinazojitegemea, kila moja ikijibiwa kwa ngazi tano kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", na katikati kukiwa na "sina upande". Kauli moja inasema: "Mbwa wanaotembea bila mtu huwatisha watoto wanaokwenda shule." Nyingine inasema: "Mbwa wakiwepo mtaani usiku, wezi hupungua." Ya tatu inasema: "Ni sawa kutega sumu ili kuwapunguza mbwa," na ya nne: "Mbwa asiyemdhuru mtu aachwe alipo." Zingatia kwamba mbili za mwisho zinavutana. Zimewekwa hivyo kwa makusudi, na katika karatasi hazifuatani, ili mtu anayezikubali zote mbili kwa mkazo uleule aonekane. Mhojiwa wa aina hiyo ama amechoka, ama anaitikia tu, na ikiwa wako wengi ujue kwamba kauli zako ni ndefu au mhoji anasoma kwa haraka. Wakati wa kujumlisha alama, kauli zinazowatetea mbwa lazima zigeuzwe, yaani "nakubali kabisa" iwe 1 badala ya 5, la sivyo jumla haitakuwa na maana yoyote.

Swali la "Je, unapenda mbwa?" ninawashauri waliondoe kabisa, hasa kwa anayefanya utafiti katika miji ya pwani. Wakazi wengi wa hapa ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo. Mtu huyo atasema hapendi mbwa, na mwanafunzi ataandika kwamba jamii ina chuki na wanyama, ilhali alichokisema ni kwamba hataki kuguswa kabla ya sala. Huenda ni mtu yuleyule anayewasimulia wajukuu wake kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo tenganisha kugusa na kudhuru. Uliza kama anakubali mbwa aingie uani kwake, kisha uliza mahali pengine afanyaje akiona watoto wanampiga mbwa mawe. Majibu ya maswali hayo mawili hutofautiana kuliko wanafunzi wanavyotarajia, na tofauti hiyo inatosha kuandikiwa ukurasa mzima wa ripoti.

Swali la kung'atwa linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Liwe la wazi: "Mtoto wa nyumba hii aking'atwa na mbwa leo, jambo la kwanza mngefanya ni lipi?" Mhoji asisome majibu, asikilize na kutia alama kwenye orodha aliyo nayo, kwa mfano kuosha jeraha, kwenda kituo cha afya, kupaka mafuta ya taa au dawa ya kienyeji, kumtafuta mbwa, au jingine. Akiyasoma, kila mtu atachagua hospitali, kwa kuwa ndilo jibu linalosikika vizuri. Kuna wajibu pia ambao wanafunzi husahau. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na kinga yake ni kuliosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kuwahi chanjo bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Haifai kumsikia mama akisema angepaka mafuta ya taa, ukaandika na kuondoka. Hata hivyo, usimsahihishe papo hapo, kwa sababu majibu yake yanayofuata yatakuwa ya kukuridhisha wewe. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi ndogo ambayo kila mhojiwa anasomewa na kuachiwa mwishoni, awe alijibu sawa au la.

Swali la kama nyumba hiyo inafuga mbwa, na kama amechanjwa, liwekwe mwisho. Karatasi na kalamu mlangoni huwafanya watu wadhani kuna faini inakuja, au orodha ya mbwa watakaouawa, na mwenye mbwa atamkana mbwa wake huku amelala kibarazani. Kinachosaidia ni kupita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwenda na barua ya shule, kutoandika jina wala namba ya nyumba, na kumweleza mhojiwa tangu mwanzo kwamba anaweza kuacha kujibu wakati wowote. Mwenye umri chini ya miaka 18 asihojiwe bila ridhaa ya mzazi. Wanafunzi watembee wawili wawili, na wasimsogelee mbwa yeyote kwa ajili ya picha ya ripoti.

Kuhusu kuchagua nyumba sina mengi: anzia mahali palipochaguliwa kwa kura, hesabu na uhoji kila nyumba ya tano, na usiruke nyumba kwa sababu ina geti. Gawa muda kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa asubuhi utawakuta zaidi akina mama na wazee, ilhali anayerudi usiku na kukutana na kundi la mbwa njiani yuko kazini.

Sasa kuhesabu. Tuseme umewahoji watu 60, na 36 kati yao wamekubali kwamba mbwa wanaotembea bila mtu waondolewe mtaani. Ripoti nyingi huishia hapo: asilimia 60 wanataka waondolewe. Rudi kwenye lile swali la mbwa anatoka wapi, na uwagawe watu wako. Katika mfano huu, 30 walisema mbwa wanayemwona ana nyumba au analishwa na mtaa, na kati yao waliotaka waondolewe ni 10. Wengine 30 walisema hana mwenyewe au hawajui, na kati yao waliotaka waondolewe ni 26. Kundi la kwanza ni theluthi moja, na la pili ni karibu asilimia 87. Ile asilimia 60 haikuwa mtazamo wa kundi lolote kati ya hayo mawili. Jedwali hilo la safu mbili na mistari miwili huchorwa kwa rula na penseli, na lina thamani kuliko chati za rangi ambazo wanafunzi huzipenda mno.

Jedwali hilo, hata hivyo, halisemi kwamba kumjua mwenye mbwa ndiko kunakomfanya mtu awe mpole. Inawezekana kwamba anayewavumilia mbwa ndiye anayejishughulisha kujua wanakotoka, au kwamba wasiojua wanaishi upande wa jalala ambako mbwa hukusanyika kwa makundi. Ili kulichunguza hilo, mhoji aandike sehemu ya mtaa alipomhojia mtu, kwa mfano upande wa jalala au upande wa barabara, bila kutaja nyumba, kisha jedwali lichorwe upya kwa kila upande. Watu wakibaki wachache mno katika visanduku, watano au sita hivi, usiandike asilimia. Andika idadi yenyewe. Kichwa cha ripoti nacho kitaje mtaa mliouhoji, kwa kuwa wahojiwa 60 wa mtaa mmoja hawawezi kuusemea mji wa Tanga.