Barua za Babu: Msahihishe Mchapaji, Babu Mwache

Ukikabidhiwa nakala iliyochapwa ya barua za babu, kazi yako ni moja: kuifanya nakala ilingane na karatasi. Kuilinganisha na kamusi si kazi yako. Nalisema hili mapema kwa sababu nakala niliyopewa mimi, ya barua za babu yetu wa Kibokoni za miaka ya 1950, ilikuwa imechapwa kwa simu na mpwa wangu, na simu ilikuwa imemfundisha marehemu Kiswahili sanifu.

Tazama sentensi moja. Karatasi inasema: “wa baada ya salamu naku arifu khabari za hapa ni njema ela mtele umekuwa ghali.” Nakala ikasema: “Baada ya salamu nakuarifu habari za hapa ni njema ila mchele umekuwa ghali.” Inasomeka vizuri, na Babu hayumo. Babu alianzia chuoni, kwa herufi za Kiarabu, ndiyo maana “kh” yake haimtoki. “Ela” na “mtele” ni Kimvita cha nyumbani. Mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, lakini watu wa Mji wa Kale hawakubadilisha ndimi zao siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kugusa neno, zima vinavyosahihisha vyenyewe. Kwenye LibreOffice nenda `Tools > Language > For All Text > None`, kisha ondoa alama zilizomo ndani ya `Tools > AutoCorrect Options`. Usipofanya hivyo, kila Babu anapoanza sentensi kwa herufi ndogo, mashine itaikuza bila kukuuliza.

Makosa yanayochosha zaidi ni yale yanayozaa neno halali. Katika barua moja nakala ilisema: “nyanya yako alinuna jana sokoni.” Familia ikacheka, maana Nyanya kununa halikuwa jambo geni. Lakini mwandiko wa Babu huifanya “n” na “u” kuwa vijiti viwili viwili vinavyofanana, basi dawa ni kuvihesabu. “Nun” ina vijiti sita kabla ya “a”. “Nunu” ina vinane. Nikaikuza picha ya barua, nikahesabu vinane. Nyanya alinunua. Alichonunua hakikutajwa hapo. Bei yake ndiyo ipo mstari wa pili, “kwa Sh 15/50”, yaani shilingi kumi na tano na senti hamsini, ambayo mchapaji aliidhani sehemu ya hesabu.

Makosa ya namna hii huyapati ukisoma peke yako, kwa kuwa jicho linalojua lugha hujisahihishia. Someni wawili. Mmoja ashike karatasi na asome kwa sauti kila kilichoandikwa, akitaja nukta na mikato, na kugonga meza palipo na nafasi: “naku”, ko, “arifu”. Mwingine afuate kwenye nakala. Kurasa mbili zatosha kwa mara moja. Baada ya hapo masikio huanza kudanganya.

Kalamu yenyewe nayo huteleza. Akiandika “mtele mtele”, neno moja mwisho wa mstari na lingine mwanzo wa unaofuata, hiyo si desturi, ni kuteleza. Hata hivyo yaache yote mawili na uweke maelezo chini ya ukurasa. Na “khabari” ikitokea kila mahali, kisha mara moja “habari”, usizilinganishe. Palipochanika andika [pamechanika]. Ukikisia herufi, ziweke ndani ya mabano hayo hayo ya mraba.

Tarehe ndizo zilizotugombanisha. Barua moja ina “27 Rajab 1376” na chini yake “26-2-57”. Binamu yangu alitafuta kwenye programu ya kalenda, akapata 27 Februari 1957, akataka tuirekebishe. Nilikataa. Siku ya Kiislamu huanza magharibi. Mtu aliyeandika usiku wa tarehe 26 yuko tayari ndani ya 27 Rajab, usiku wa Miraji. Tena mwezi wa kuandama huweza kupishana na programu kwa siku moja. Tarehe zote mbili zilibaki kama zilivyo.

Wajukuu wanaotaka barua za kusomeka haraka wana haki yao, ila watengenezewe nakala ya pili kutoka kwenye hii, katika faili lake, likiitwa kwa mfano `1957-02-26-kusomea`. Nakala ya kwanza ina tatizo moja: ukitafuta “mchele” humo hupati kitu. Sisi tuliweka orodha mwishoni, “mchele: tazama mtele”, “habari: tazama pia khabari”, na mpwa wangu ndiye anayeiongezea.