Kuhakiki barua pepe ya kazini: anzia kwenye kitenzi

*"Wakuu, bosi amenirudishia rasimu hii akisema tu 'rekebisha Kiswahili'. Mnahakikije kabla ya kutuma? 'Mpendwa Mkurugenzi, shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta salama. Maombi ya nyongeza ya bajeti ya ununuzi wa thamani za ofisi imeambatishwa pamoja na nyaraka hii ya bei. Malipo ambayo ilifanyika Julai iko kwenye lipoti. Nakuomba mpitie na kutoa idhini.'"*

Mkuu, kazi yangu ni uhazili, na rasimu za namna hii hupita mezani kwangu kila siku. Kwa upatanisho, usianze kusoma kutoka juu. Nenda kwenye kitenzi, ukiulize "nini?", kisha rudi nyuma hadi nomino inayojibu. Ni nini kimeambatishwa? Si bajeti wala ununuzi, ni maombi. Kwa hiyo maombi *yameambatishwa*. Kilichokuponza ni ule mnyororo wa "ya": maombi ya, nyongeza ya, bajeti ya. "Ya" inafaa kwa maombi, ambayo ni ya ngeli ya LI-YA, na inafaa vilevile kwa bajeti ya I-ZI. Ukifika kwenye kitenzi sikio limeshabaki na bajeti, nawe unaandika "ime-" bila kushtuka.

"Ambayo" ina mtego huohuo: barua ambayo, mikataba ambayo, malipo ambayo, zote umbo ni moja. Mimi hubonyeza Ctrl+F, natafuta kila "ambayo", kisha naifupisha ndani ya kitenzi. "Malipo ambayo ilifanyika" yanaweza kukupita, lakini "malipo iliyofanyika" utaisikia papo hapo kwamba imekosewa. Ni *yaliyofanyika*. Na hiyo "iko" usiigeuze kuwa "yako", kwa sababu "malipo yako" msomaji ataanza kwa kuelewa ni malipo ya mkurugenzi mwenyewe. Andika *yamo*.

"Nyaraka hii" naikuta hata kwenye barua za watu wenye vyeo vikubwa. Umoja ni waraka: *waraka huu*, *nyaraka hizi*. Ukiwa na shaka na nomino yoyote, fungua kamusi uangalie mabano yaliyo karibu nayo. Ukiona [i-/zi-] au [li-/ya-] umeshapata jibu.

Kwenye tahajia, "lipoti" ni rahisi, maana hata kompyuta yenye kihakiki cha Kiswahili itaipigia mstari. Hatari iko kwenye "thamani za ofisi". Meza na viti ni *samani*. Thamani ni kiasi cha kitu kwa fedha. Kihakiki kitanyamaza kwa sababu yote mawili ni maneno halali, na aliyezoea kusahihishwa "samani ya mkataba" kuwa "thamani ya mkataba" huishia kuweka "th" hata pasipohusika. Yapo mengine ya jamii hiyo: *dhana* na *zana*, *mahali* na *mahari*. Nimeona "mahari pa kazi" kwenye tangazo rasmi la ofisi. Haya hayana njia ya mkato, kila neno lenye th, dh, l au r ulilo na shaka nalo ulitafute kamusini usome maana yake, usiridhike kwamba neno lipo.

Sasa salamu. Kwa ofisi zetu za Tanzania, "Mpendwa" iache kwa barua za kirafiki. *Ndugu* inatosha, na haibagui mwanamume wala mwanamke. Shikamoo ni ya ana kwa ana, inasubiri marahaba. Mwamkie ukikutana naye mlangoni. "Natumaini inakukuta salama" ifute yote, uende moja kwa moja kwenye Yah. Wenzetu wa Kenya huandika Kuh.

Kosa ambalo huenda ndilo lililomkera bosi ni "nakuomba mpitie". Umeanza na mtu mmoja ukamaliza na wengi. Chagua: *nakuomba upitie* kama unamwandikia yeye, *nawaomba mpitie* kama ni kwa idara nzima, kisha shikilia hiyo hadi mwisho, pamoja na "yako" na "yenu" zake.

Mimi ningeituma hivi:

> Ndugu Mkurugenzi,
>
> YAH: MAOMBI YA NYONGEZA YA BAJETI YA SAMANI ZA OFISI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Maombi ya nyongeza ya bajeti ya ununuzi wa samani za ofisi yameambatishwa pamoja na nyaraka za bei. Malipo yaliyofanyika Julai yamo kwenye ripoti.
>
> Nakuomba uyapitie maombi haya na kutoa idhini.
>
> Nawasilisha.