Trofi za konsoli: zilitoka wapi, na stima ikipotea zinaenda wapi

Swali: "Wadau, kwa nini mtu anakesha akitafuta trofi ambazo hazileti hata shilingi? Nani alianzisha hii kitu? Na stima ikipotea kabla sijasevu, trofi imeenda?"

Trofi ni tuzo ya kidijitali ambayo gemu inakupa ukitimiza jambo fulani, nayo hukaa kwenye akaunti yako. Nianze na chimbuko, kwa sababu ndilo linaloeleza huko kukesha.

Miaka ya mwanzo ya 1980, kampuni ya Activision ilikuwa ikitengeneza gemu za Atari 2600. Konsoli ile haikuwa na pa kuhifadhi alama, ukizima, umefuta. Kampuni ikaja na ujanja: ukifikisha alama fulani, piga picha skrini ya TV kwa kamera ya filamu, safisha picha, itume kwa posta, nao watakuletea kiraka cha kitambaa kilichotariziwa, ushone kwenye koti. Kwa Pitfall! ya 1982, alama zenyewe zilikuwa 20,000. Kumbuka ushahidi ulikuwa nje ya mashine: picha na kitambaa. Aliyekuwa na koti lenye viraka alieleweka mtaani bila kusema neno.

Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005, Microsoft walikihamishia kile kiraka ndani ya akaunti. Kila gemu ya diski ilipaswa kuja na orodha ya achivimenti, yaani tuzo za kutimiza mambo fulani ndani ya gemu, zenye jumla ya alama 1,000, na zote zikajumlishwa kwenye namba moja iitwayo Gamerscore, inayoonekana kando ya jina lako. Kabla ya hapo ubingwa wa gemu moja haukuhesabika kwenye nyingine. Sasa mtu wa mbio za magari na mtu wa bunduki wanaweza kulinganishwa kwa namba ileile, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Tatizo la namba moja ni kwamba haiulizi jasho. Mfano unaotajwa kila mara ni gemu ya Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth. Orodha yake ilikuwa na achivimenti tano tu, zote za kupiga mapigo mfululizo bila kukatizwa: 10, 20, 30, 40, 50. Unasimama mahali pamoja, unabonyeza kitufe kilekile, na kabla ya dakika tano alama zote 1,000 ziko kwako. Watu waliikodisha kwa ajili hiyo tu, wakairudisha. Alama 1,000 za gemu nyingine zingekugharimu wiki kadhaa.

Sony walifika Julai 2008 kwa sasisho la 2.40 la PS3, na Super Stardust HD ikawa gemu ya kwanza kuwa na trofi. Kuanzia Januari 2009 kila gemu mpya ikalazimishwa kuwa nazo. Badala ya alama tupu walileta ngazi: shaba, fedha, dhahabu, na platinamu ambayo hutoka yenyewe ukimaliza trofi zote za gemu ya msingi (za nyongeza unazonunua baadaye hazihesabiki). Kwa maoni yangu platinamu ndiyo fundo la jambo zima. Gamerscore haina mwisho, lakini platinamu ina mwisho unaouona: zimebaki tatu, zimebaki mbili. Ukishafika kwenye moja, kulala ni kazi. Sony wenyewe walikubali uzito wake Oktoba 2020 walipoipandisha kutoka alama 180 hadi 300. Shaba ni 15, kwa hiyo platinamu moja sasa ni sawa na shaba 20.

Sasa stima. Nitatumia kisa kigumu kuliko vyote, maana ukikielewa hicho mengine ni mepesi. Dead Rising, gemu ya mazombi ndani ya jumba la maduka, ilitoka 2006 kwa Xbox 360 na ikarudi 2016 kwa PS4. Ina achivimenti iitwayo 7 Day Survivor: uishi siku saba kwenye Infinity Mode. Siku moja ya gemu ni saa mbili za kweli, kwa hiyo ni saa 14. Kusevu hakuna. Afya inashuka yenyewe kwa njaa, na chakula ukishakila hakirudi, kwa hiyo muda mwingi ni kujificha na kuhesabu kilichobaki kwenye mkoba. Kwenye Xbox 360 mashine ilibaki inawaka saa zote hizo. Stima ya Nairobi ikikatika saa ya 13, au tokeni zikiisha usiku, unaanza sifuri.

Lakini sikiliza tofauti. Kilichopotea hapo ni mchezo, si trofi. Trofi huandikwa kwenye diski ya konsoli papo hapo inapojitokeza kwenye skrini, mbali na faili la kusevu. Ikishalia, hata stima ikipotea sekunde chache baadaye bila kusevu, kwa kawaida utaikuta. Zinazodhurika ni zile za kuhesabu, kama "ua maadui 500", kwa sababu hesabu hukaa ndani ya faili la kusevu. Ulikuwa 480, ukasevu mara ya mwisho 310, basi uko 310. Kwa hizo, sevu kila baada ya kipande.

PS4 na PS5 zina hali ya mapumziko inayosimamisha gemu ilipo, kwa hiyo zile saa 14 unaweza kuzigawa. Ila gemu iliyosimamishwa inaishi kwa umeme: ukichomoa waya au stima ikienda, imekwenda. Hapa UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme stima ikienda, inasaidia kwa namna ambayo wengi hawaitumii. Ile ndogo ya 650VA yenye betri moja ya volti 12 itashikilia konsoli na TV dakika 10 hadi 20 hivi, haitoshi kucheza. Usijaribu kucheza. Zima TV, iweke konsoli kwenye mapumziko. Hapo inakula wati chache tu na betri ileile itavuta muda mrefu zaidi. Chomeka ruta kwingine.

Baada ya hapo sawazisha. Trofi uliyoipata bila intaneti iko kwenye diski yako tu. Diski ikifa, imekufa nayo. Kwenye PS4, unganisha hata kwa hotspoti ya simu, fungua Trophies, bonyeza OPTIONS, uchague kusawazisha. PS5 hufanya yenyewe ikipata mtandao. Kama baada ya stima kukatika PS4 inasuasua au orodha haifunguki, izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kama 7 hadi mlio wa pili, unganisha padi kwa waya, bonyeza kitufe cha PS, kisha kwenye menyu ya Safe Mode chagua namba 5, Rebuild Database. Hiyo haifuti gemu. Namba 6 na 7 zinafuta, usiziguse.

Na kwa wanaocheza kwenye vibanda vya gemu: trofi huenda kwa akaunti iliyoingia kwenye padi, si kwa mkono ulioishika. Ukicheza kwa akaunti ya mwenye kibanda, ni zake, na hakuna njia ya kuzihamisha baadaye. Vivyo hivyo ukinunua konsoli ya mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, fungua mtumiaji wako kabla ya kuwasha gemu ya kwanza, hata kama muuzaji anakuambia akaunti yake ina gemu kibao.